Msimamizi wa hifadhidata anaondoka: barua yake ya makabidhiano isomwe vipi?

Mfumo wa ofisi ukikwama na wateja wakaanza kuambiwa "mtandao unasumbua", wakubwa huuliza jambo moja: si kuna bekapu? Huambiwa ipo, nao hutulia. Yanayopaswa kuulizwa baada ya hapo hayaulizwi: ni bekapu ya saa ngapi, iko wapi, nani aliwahi kuirudisha ikafanya kazi, na inaendeshwa kwa akaunti ya nani. Majibu hayo kwa kawaida yamo kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo akipata kazi kwingine, huandika barua ya makabidhiano ya nusu ukurasa, orodha ya nywila, na "kwa lolote nipigieni simu". Watu hudhani hapo kazi imekabidhiwa.

Makala hii inaifungua barua hiyo. Tutaangalia iwe na nini, na zaidi, kwa nini kila sehemu iwepo. Nitatumia mfano wa kubuni wa chama cha akiba na mikopo chenye mfumo mmoja mkuu unaotumia PostgreSQL, kwa sababu ndiyo hifadhidata ninayoifahamu vizuri na iko kwenye ofisi nyingi. Wanaotumia MySQL au Oracle watakuta amri tofauti, lakini matatizo ni yale yale.

Kwanza tuelewane maneno. Hifadhidata ni mahali mfumo unapoweka kumbukumbu zake: wanachama, akiba, mikopo, malipo. Msimamizi wa hifadhidata ndiye anayehakikisha kumbukumbu hizo zinapatikana, hazichezewi, na zikiharibika zinaweza kurudishwa. Bekapu, au nakala rudufu, ni nakala ya kumbukumbu hizo iliyowekwa pembeni. Replika ni seva ya pili inayomfuata mkubwa wake sekunde kwa sekunde, kila linaloandikwa kule linaandikwa na huku. Bekapu na replika huchanganywa kila siku, na tutaona muda si mrefu kuchanganya huko kunagharimu nini.

Sasa fikiria duka la rejareja. Jumapili usiku mwenye duka anafunga mlango, anahesabu kila kitu kilichopo rafuni na kuandika. Kuanzia Jumatatu, kila kinachouzwa na kila mzigo unaoingia unaandikwa kwenye daftari, mstari kwa mstari. Ijumaa akitaka kujua duka lilikuwa na nini Alhamisi jioni, hahitaji kuwa alihesabu Alhamisi. Anachukua hesabu ya Jumapili, anapitisha mistari ya daftari mmoja mmoja hadi Alhamisi jioni, anapata jibu. Ukurasa wa Jumatano ukichanika, anaishia Jumatano. Kurasa za Alhamisi hazimsaidii, hata kama ni safi.

PostgreSQL inafanya hivyo hivyo. Hesabu ya Jumapili ni bekapu kamili ya mafaili yote, inayochukuliwa na amri ya `pg_basebackup`. Daftari ni mafaili ya WAL, ambamo kila badiliko linaandikwa kabla halijagusa data yenyewe. Kila faili la WAL kwa kawaida lina megabaiti 16. Likijaa, seva inaweza kulinakili kwenye hifadhi ya pembeni kwa amri iliyoandikwa kwenye `archive_command`. Kuna pia njia ya tatu, `pg_dump`, inayotoa data yote kama ilivyokuwa dakika ile amri ilipoanza. Ni rahisi kuibeba na kuirudisha, ila haina daftari. Inakurudisha kwenye dakika ile tu.

Ukishalielewa hilo, sehemu ya kwanza ya barua inasomeka. Kwenye mfano wetu imeandikwa hivi:

"Ratiba za bekapu. Bekapu kamili: kila Jumapili saa 7:00 usiku. `pg_dump`: kila siku saa 8:00 usiku. Mafaili ya WAL yanahamishwa muda wote, na `archive_timeout` ni sekunde 300. TAHADHARI: seva inatumia saa za UTC, hivyo kwenye `crontab` utaona 22 na 23, na bekapu ya Jumapili utaiona imeandikwa Jumamosi."

Tahadhari hiyo ya saa si urembo. Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, na juu ya hapo tunahesabu saa kuanzia macheo. Kwa hiyo mistari hii miwili ya `crontab`, orodha inayoiambia seva iendeshe kazi gani saa ngapi:

```
0 22 * * 6  /opt/bekapu/kamili.sh
0 23 * * *  /opt/bekapu/dump.sh
```

inamaanisha Jumapili saa 7 usiku na kila siku saa 8 usiku kwa saa za ukutani kwetu, ingawa seva yenyewe inaamini bado ni jana. Anayepokea kazi akidhani 22 ni saa 4 usiku, atapanga kazi ya kufunga hesabu za mwezi saa 7 usiku "kwa kuwa bekapu imeshakwisha", na zote mbili zitagombania diski moja. Mbaya zaidi, siku ya kurudisha data atataja dakika isiyo sahihi, akakosea kwa saa 3 nzima. Ukiandika saa kwenye barua, andika zote mbili: ya seva na ya ukutani.

Ile `archive_timeout` nayo inahitaji sentensi mbili. Mchana, makarani wakiwa kazini, megabaiti 16 zinajaa haraka. Usiku mfumo umetulia, faili moja linaweza kukaa saa nzima halijajaa, na kwa kuwa halijajaa halijahamishwa. Seva ikiungua, kilichomo kinaungua nacho. Sekunde 300 zinailazimisha seva kufunga faili kila dakika 5 kama kuna kilichoandikwa, hata halijajaa. Hivyo msimamizi anapoandika 300, amesema kwamba seva ikifa kabisa, ofisi itapoteza si zaidi ya kama dakika 5 za kazi, mradi uhamishaji unafanya kazi. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na barua inapaswa kueleza nani aliukubali.

Tuone jinsi hii ratiba inavyofanya kazi siku ya balaa. Ni Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025. Saa 5:42 asubuhi, ambayo ni 11:42 kwa saa za simu, mtumishi anarekebisha mkopo wa mwanachama mmoja moja kwa moja kwenye hifadhidata. Anasahau sehemu inayotaja ni mkopo upi. Amri inapita bila kelele, na mikopo yote ya chama inaandikwa kuwa imelipwa. Inagundulika saa 6:30 mchana, mwanachama mmoja alipopewa risiti inayosema hana deni na akaenda kuuliza mara mbili.

Wa kwanza kutajwa ni replika. "Si tuna seva ya pili?" Tunayo, na ndani ya sekunde moja au mbili nayo iliandika kwamba mikopo yote imelipwa. Kazi ya replika ni kunakili kwa uaminifu, na haijui lipi ni kosa na lipi ni kazi halali. Inakuokoa mashine ya kwanza ikiharibika. Mkono wa binadamu ukikosea, inakosea pamoja nawe. Kwa hiyo barua inayosema "bekapu: tuna replika" ina maana kwamba ofisi haina bekapu, na anayeipokea aseme hivyo kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Wa pili ni `pg_dump` ya usiku. Hiyo ipo na ni nzima, lakini ni picha ya saa 8 usiku. Malipo yaliyoingia kwa simu alfajiri na kazi yote ya kaunta tangu ofisi ifunguliwe hayamo.

Kinachobaki ni hesabu ya Jumapili pamoja na daftari. Msimamizi anachukua mashine nyingine, tena nasisitiza nyingine, maana kosa la pili kwa ukubwa ni kurudisha bekapu juu ya data iliyopo na kuharibu hata kile kilichokuwa kimebaki. Anakopi humo bekapu kamili ya tarehe 9 Machi, kisha anaandika kwenye mipangilio:

```
restore_command = 'cp /hifadhi/wal/%f %p'
recovery_target_time = '2025-03-14 11:41:00+03'
recovery_target_action = 'pause'
```

Ile `+03` mwishoni ndiyo inayomwambia seva ya UTC kwamba tunazungumzia saa za kwetu. Bila hiyo ingesoma 11:41 ya UTC, yaani saa 8:41 mchana wa huku, na kosa lingepitishwa tena pamoja na mengine. Anaunda faili tupu liitwalo `recovery.signal`, anaiwasha seva, na seva inaanza kupitisha daftari kuanzia Jumapili. Ikifika dakika iliyotajwa inasimama na kusubiri. Hapo anaweza kuuliza:

```
SELECT hali, count(*) FROM mikopo GROUP BY hali;
```

Akiona mikopo inayodaiwa imerudi na idadi inaelekea kulingana na ripoti ya jana, amefika mahali sahihi. Anaitoa seva kwenye kusubiri kwa `SELECT pg_wal_replay_resume();`.

Bado hajamaliza. Hawezi kuchukua mashine hii na kuifanya ndiyo mfumo, kwa sababu makarani waliendelea kupokea pesa kuanzia 5:42 hadi 6:30. Akifanya hivyo atarudisha madeni na kufuta malipo. Anachofanya ni kuchukua safu ya `hali` peke yake kutoka kwenye nakala iliyofufuliwa, kuirudisha kwenye mfumo halisi, kisha kupitia kwa mkono mikopo ambayo kweli ilimaliziwa kulipwa ndani ya dakika zile 48. Risiti za kaunta zinatosha kwa hilo.

Kazi hiyo yote inachukua muda gani? Barua nzuri inajibu, na inajibu kwa kipimo: "Zoezi la mwisho la kurudisha: Jumamosi, 8 Februari 2025. Kukopi bekapu kamili: saa 1 na dakika 10. Kupitisha WAL za siku 6: saa 2 na dakika 10. Jumla saa 3 na dakika 20." Aya hiyo ina uzito kuliko barua nzima iliyobaki. Kwanza inathibitisha kwamba bekapu zinarudi. Pili inampa meneja namba ya kuwaambia wanachama. Tatu inaonyesha kwamba muda mwingi unaliwa na daftari, kwa hiyo kama chama kinataka kurudi kazini ndani ya saa 2, dawa ni kufanya hesabu kamili kila baada ya siku mbili ili kurasa za kupitisha zipungue. Kununua mashine kubwa hakutaondoa kurasa hizo. Barua isiyo na tarehe ya zoezi la mwisho isomwe kana kwamba zoezi halijawahi kufanyika, kwa sababu karibu kila mara ndivyo ilivyo.

Kama kuna anayeona hapa nakuza mambo, tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi programu za waandishi wengi duniani, iliishi jambo hili hadharani. Replika yao ilikuwa imebaki nyuma, na mhandisi mmoja usiku aliamua kufuta data ya seva ya pili ili ianze kunakili upya. Alikuwa kwenye seva ya kwanza. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5 hivi.

Walikimbilia bekapu. Kwenye hifadhi ya wingu ambako `pg_dump` ilipaswa kuwa inapeleka mafaili kila siku hakukuwa na kitu. Amri ilikuwa inatumia toleo la 9.2 la `pg_dump` dhidi ya hifadhidata ya toleo la 9.6, na `pg_dump` hukataa kufanya kazi na seva mpya kuliko yenyewe. Ilikuwa ikishindwa kila ilipoendeshwa. Baruapepe za kutangaza kushindwa huko zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa njiani kwa kuwa hazikuwa na saini inayotakiwa, hivyo hakuna aliyezipata. Picha za diski za mtoa huduma ya wingu hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono kama saa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa ya majaribio. Kuirudisha kulichukua takriban saa 18, na data za saa hizo 6 zilipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na watumiaji wapya kama 700. Programu zenyewe za wateja zilikuwa zinahifadhiwa kwingine na hazikuguswa.

Baadaye walichapisha uchunguzi wao wenyewe. Walijiuliza kwa nini utaratibu wa bekapu haukuwa ukijaribiwa, wakajijibu kwamba haukuwa na mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na jukumu la kuujaribu. Waliokuwepo walikuwa wahandisi wazuri. Utaratibu wenyewe ndio uliokosa mtu wa kuitwa jina, na ofisi yoyote iko kwenye hali hiyo kuanzia siku msimamizi wake anapoaga.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ya hatari zinazojulikana. Wengi huandika hapa maneno ya jumla: umeme, virusi, moto. Kila mtu anayajua hayo. Kinachotakiwa ni hatari za mahali hapo, anazozijua aliyekaa nazo. Ile ya kwanza kwenye barua yetu inasema: "Kazi zote za bekapu zinaendeshwa na `crontab` ya akaunti yangu binafsi kwenye seva."

Sentensi fupi, lakini tazama itakachofanya. Ofisi ya rasilimali watu, kwa kufuata utaratibu mzuri kabisa, inaagiza akaunti ya aliyeondoka ifungwe siku yake ya mwisho. Akaunti ikifutwa, au ikifungwa kabisa na si nywila tu, kazi zake za `crontab` zinakoma. Mfumo unaendelea kufanya kazi kama kawaida, wateja wanahudumiwa, hakuna taa nyekundu popote. Bekapu tu ndizo zimesimama, na bekapu iliyosimama haipigi kelele hadi siku inayohitajika. Ufunguo wa kupakia mafaili kwenye hifadhi ya wingu nao mara nyingi umefungwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Dawa ni kuunda akaunti ya huduma isiyo ya mtu, kuhamishia kazi humo, na kuandika kwenye barua tarehe iliyohamishwa na usiku wa kwanza ilipofanya kazi.

Hatari ya pili kwenye barua ni ya aina ninayoipenda zaidi kuieleza, kwa sababu inaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Skripti ya kila usiku ilikuwa na mstari huu:

```
/usr/pgsql-13/bin/pg_dump chama | gzip > /hifadhi/dump/chama-$(date +%F).sql.gz
```

Unaonekana hauna kosa. Lakini alama ya `|` inaunganisha programu mbili, na kwa kawaida kompyuta inaripoti matokeo ya ile ya mwisho peke yake. `pg_dump` ikishindwa, labda nywila imebadilishwa, haitoi chochote. `gzip` inapokea hewa, inaibana hewa hiyo vizuri kabisa, na kuripoti kwamba imefaulu. Asubuhi faili lipo, jina ni sahihi, tarehe ni ya usiku uliopita. Ukiliangalia kwa `ls -l` utaona ukubwa wake ni baiti 20. Hizo ndizo baiti za `gzip` isiyo na kitu ndani. Anayepokea kazi afungue folda la bekapu siku ya kwanza na kusoma safu ya ukubwa kabla ya tarehe. Faili linaloongezeka kidogo kidogo kila siku linatia moyo, na lililoshuka ghafla linataka maelezo. Kwenye skripti ya `bash`, mstari wa `set -o pipefail` juu kabisa unafanya kushindwa kwa `pg_dump` kuonekane.

Upande wa daftari nao una mahali pake pa kutazama:

```
SELECT last_archived_time, failed_count, last_failed_time
FROM pg_stat_archiver;
```

Kama muda wa kushindwa kwa mwisho ni mpya kuliko muda wa kufaulu kwa mwisho, uhamishaji umekwama sasa hivi. PostgreSQL haitupi faili la WAL ambalo halijahamishwa. Inaendelea kuyarundika kwenye `pg_wal`, na diski hiyo ikijaa, hifadhidata inazima. Kwa hiyo hifadhi ya pembeni iliyojaa Jumatatu inaweza kuzima mfumo mzima Alhamisi, na mafundi wakatafuta chanzo kila mahali isipokuwa kwenye bekapu.

Hatari nyingine mbili zinatosha kutajwa kwa ufupi. `pg_dump` ya hifadhidata moja haibebi watumiaji wa seva na nywila zao, inabidi `pg_dumpall --globals-only` iendeshwe pamoja nayo, la sivyo utarudisha data ambayo mfumo hauwezi kuingia kuisoma. Na kama bekapu zinafungwa kwa ufunguo wa siri, barua iseme ufunguo unatunzwa wapi na unaisha muda lini. Ufunguo wa GPG uliopitwa na muda unakataa kufunga mafaili mapya, na aliyeondoka na neno la kuufungulia ameondoka na bekapu zote, hata kama mafaili yamebaki kwenye rafu.

Hiyo haimaanishi neno hilo liandikwe kwenye barua. Barua inasomwa na meneja, inawekwa kwenye jalada, inatolewa kopi. Nywila zibaki kwenye programu ya kutunzia nywila au bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, na barua itaje mahali tu, kisha zibadilishwe zote baada ya makabidhiano. Vivyo hivyo, nakala za majaribio kwenye laptopu ya anayeondoka zifutwe mbele ya shahidi. Humo mna majina, namba za simu na madeni ya watu, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 Tanzania, kama ilivyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 Kenya, wajibu ni wa ofisi.

Sehemu ya tatu, kazi zilizobaki, ndiyo huharibika kwa ufupi. "Kupandisha toleo la PostgreSQL" si kazi iliyokabidhiwa, ni kichwa cha habari. Kwenye barua yetu imeandikwa hivi:

"Mfumo uko toleo la 13, ambalo mwisho wa msaada wake ni 13 Novemba 2025. Nimejaribu toleo la 16 kwenye seva ya majaribio. Ripoti mbili za mwisho wa mwezi zinashindwa, mtengenezaji ameshaarifiwa. Hatua inayofuata: kupata marekebisho yake na kurudia jaribio. ANGALIZO: skripti ya usiku inaita `/usr/pgsql-13/bin/pg_dump`. Ukipandisha seva bila kubadilisha njia hiyo, bekapu ya usiku huo itashindwa."

Angalizo hilo ni ajali ya GitLab ikiwa bado haijatokea. Aliyeliandika alijua kwamba `pg_dump` ya 13 itaikataa seva ya 16. Kuna jambo la pili linaloambatana nalo: bekapu kamili na WAL za toleo la 13 haziwezi kusomwa na toleo la 16. Baada ya kupandisha, hesabu ya Jumapili iliyopita haiunganiki na daftari jipya, hivyo bekapu kamili mpya ichukuliwe siku hiyo hiyo kabla makarani hawajaanza kazi, na programu za toleo la zamani zisifutwe hadi bekapu zake zitakapopitwa na muda. Kila kazi iliyobaki iandikwe kwa namna hiyo: imefika wapi, hatua inayofuata ni ipi, anasubiriwa nani, na ikiguswa vibaya nini kinakatika.

Bado barua ni karatasi, na kuna namna moja ya kuijaribu. Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, anayepokea akae mbele ya mashine tupu na barua mkononi, arudishe mfumo hadi dakika anayochaguliwa na meneja. Anayeondoka akae kiti cha pembeni, mikono mfukoni, asiseme neno. Kila mahali anayepokea atakapokwama na kumgeukia, pana sentensi iliyokosekana, na iandikwe hapo hapo.

Kisha akaunti ya anayeondoka ifungwe akiwa bado na wiki moja ofisini. Najua rasilimali watu hawajazoea, na yeye mwenyewe anaweza kuona kama anafukuzwa mapema. Aelezwe, apewe akaunti ya muda isiyo na kazi yoyote iliyofungwa kwake. Asubuhi ya kwanza atazamwe `last_archived_time` na ukubwa wa faili la usiku. Jumapili isubiriwe bekapu kamili ipite yenyewe. Kitakachosimama ndani ya wiki hiyo kitakuwa kilikuwa kinamtegemea bila yeye kukumbuka, na atakuwa bado yuko meza ya pili kuulizwa.